Atamfikia lini, atamfikia wapi? Njia tatu za kukokotoa mkimbiaji anayemfukuza mwenzake

Musa anaanza kukimbia peke yake kwenye barabara ya nje ya mji, kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Dakika 3 baadaye Baraka anaanzia pale pale alipoanzia Musa, anafuata barabara ile ile, kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Baraka atamfikia Musa baada ya muda gani? Na watakuwa wapi?

Nafundisha hisabati sekondari, na jioni nasimamia mazoezi ya riadha, kwa hiyo swali hili nakutana nalo darasani na barabarani. Wanaokwama nalo mara nyingi si wale wasiojua kitu. Ni wale wanaojua njia mbili au tatu, wakaanza na moja, wakahamia nyingine katikati, mwisho wakachanganya sekunde za Musa na sekunde za Baraka. Nitazieleza njia tatu kwa kutumia wakimbiaji hawa hawa wawili, ili uone ipi inakufaa wewe kwa swali ulilonalo mkononi.

Nitazipima kwa lipi

Nitaziuliza njia zote tatu maswali manne. La kwanza, njia inatoa jibu gani moja kwa moja: muda au mahali? La pili, mtu anakosea wapi akiitumia, na kosa linajulikanaje? La tatu, inavumilia vipi mwendo unapobadilika, kwa mfano mtu akisimama kufunga kamba za viatu au akichoka? La nne, inafaa vipi swali likigeuzwa, yaani ukipewa mahali pa kukutana ukaambiwa utafute kasi?

Njia zenyewe

Njia ya kwanza naiita pengo la mita. Unauliza: Baraka anapoanza, Musa yuko mbele kwa mita ngapi? Dakika 3 ni sekunde 180, na kwa mita 4 kila sekunde Musa ameshakwenda mita 720. Hilo ndilo pengo. Sasa, kila sekunde Baraka anasogea mita 5 na Musa anasogea mita 4, kwa hiyo pengo linapungua mita 1. Hii tofauti ya kasi zao ndiyo kasi ya kuziba pengo. Ukitaka kuihisi, jiweke mgongoni kwa Musa: kutoka pale, ni kama Musa amesimama, na Baraka anakusogelea kama mtu anayetambaa, mita moja kila sekunde. Mita 720 zitazibwa kwa sekunde 720, yaani dakika 12. Baraka atakuwa amekimbia 5 × 720, sawa na mita 3,600. Musa naye ametumia sekunde 900 kwa mita 4 kila moja, zinatoka 3,600 zile zile.

Njia ya pili ni pengo la sekunde. Hapa huulizi mita kabisa. Wakimbiaji wa masafa marefu hawasemi “mita 5 kwa sekunde”, wanasema kilomita moja wanaimaliza kwa muda gani. Musa anaimaliza kwa sekunde 250, Baraka kwa sekunde 200. Kila kilomita Baraka anamnyang’anya Musa sekunde 50. Musa alitangulia sekunde 180. Gawanya 180 kwa 50, unapata 3.6. Watakutana kilomita 3.6.

Njia ya tatu ni mlinganyo. Mahali wanapokutana, umbali wa Musa ni sawa na umbali wa Baraka. Tukiita muda wa Baraka t, Musa amekimbia sekunde t + 180:

4(t + 180) = 5t

Ukifungua mabano unapata 4t + 720 = 5t, kisha t = 720. Angalia ile 720 iliyojitokeza katikati, ni lile lile pengo la mita. Na ukihamisha 4t upande wa pili, 5t − 4t ni ile tofauti ya kasi. Mlinganyo unafanya kazi ile ile ya njia ya kwanza, isipokuwa haukuulizi kama umeelewa maana ya kila hatua.

Muda au mahali?

Pengo la mita linatoa muda kwanza. Mahali unapapata kwa kuzidisha mara moja zaidi. Mtu anayetaka kujua “bado dakika ngapi?” hii ndiyo njia fupi kwake, hasa kama kutangulia kwenyewe kumetajwa kwa mita tangu mwanzo. Swali likisema Musa yuko mbele mita 200, huna cha kubadilisha: 200 gawanya kwa 1, sekunde 200, umemaliza.

Pengo la sekunde linatoa mahali kwanza. Hii ni nzuri sana kwa mbio za barabarani, kwa sababu kule kutangulia hupimwa kwa muda. Marathoni ya Los Angeles, kwa mfano, imewahi kuendeshwa kwa mtindo wa kuwaanzisha wanawake wa daraja la juu kabla ya wanaume, na atakayekata utepe wa kwanza kati ya wote anapata zawadi ya ziada. Tuseme mwanamke anayeongoza ana mwendo wa kumaliza kwa saa 2 na dakika 26, mwanamume kwa saa 2 na dakika 9, na wanawake wametangulia dakika 15. Tofauti ya mwendo wao ni dakika 17, yaani sekunde 1,020, katika kilomita 42.195. Hiyo ni kama sekunde 24 kila kilomita. Sekunde 900 za kutangulia zitakwisha karibu na kilomita ya 37. Jaribu kufika hapo kwa mita kwa sekunde bila kikokotoo, utaona ninachosema.

Mlinganyo unatoa chochote ulichokiita herufi. Ukiandika t ni muda wa Baraka unapata 720, ukiandika t ni muda wa Musa mlinganyo unakuwa 4t = 5(t − 180) na jibu ni 900. Yote mawili ni sahihi. Hii ni faida, na papo hapo ndipo mtego ulipo.

Mtu anakosea wapi

Katika njia ya kwanza, kosa kubwa ni vipimo. Nakumbuka daftari moja nililosahihisha: mwanafunzi aliandika pengo ni 4 × 3 = 12, akagawanya kwa 1, akapata 12, akaandika “dakika 12”. Nikaanza kumpa alama. Kisha nikaona sehemu ya pili: umbali ni 5 × 12 = mita 60. Alikuwa amezidisha mita kwa sekunde na dakika bila kubadilisha, na jibu la muda likatoka sahihi. Nilikaa na daftari lile kwa muda, kwa sababu haikuwa bahati. Kutangulia kukitajwa kwa muda, muda wa kufikia unategemea uwiano wa kasi tu. Unachukua muda wa kutangulia, unauzidisha kwa kasi ya anayefukuzwa, unagawanya kwa tofauti ya kasi. Zile mita kwa sekunde zinafutana juu na chini, zinabaki dakika ulizoanza nazo: 3 × 4 ÷ 1, dakika 12. Mahali hakuna kufutana, na ndiyo maana umbali ulimkataa. Mita 60 ni kosa linaloonekana kwa macho: Baraka alipoanza tu, Musa alikuwa ameshapita mita 700.

Kosa la pili la njia hii ni kutafuta umbali kwa kasi ya kuziba pengo. Mtu anapata sekunde 720, halafu anasema walikutana mita 1 × 720. Mita 1 kwa sekunde si kasi ya mtu yeyote barabarani, ni kasi ya pengo kupungua. Mahali pa kukutana panatafutwa kwa kasi ya mkimbiaji mmoja na muda wake mwenyewe. Mimi huwaambia wanafunzi wahesabu kwa wote wawili, na umbali usipolingana warudi nyuma.

Katika njia ya pili, kosa ni kutoa kasi pale inapotakiwa kutoa muda wa kilomita, au kinyume chake. Kumbuka pia kwamba mwenye kasi ndiye mwenye namba ndogo. Wengine wakiona 200 na 250 wanampa Baraka 250 kwa sababu ni kubwa, wanapata jibu ambalo Baraka hamfikii Musa milele.

Katika mlinganyo, kosa ni t ya nani. Kuandika 4t = 5(t + 180) kunampa Baraka zile dakika 3 alizotangulia Musa. Mlinganyo huo unatoa t = −900, na alama ile ya kutoa inakuambia umemtanguliza asiyetangulia. Hapa mlinganyo una wema wake: kosa hili haufichi.

Mwendo ukibadilika

Hapa ndipo njia zinapotofautiana kweli, na nitakaa kidogo.

Tuseme Musa, akiwa kilomita 2.4, kamba ya kiatu imefunguka. Anapiga goti moja pembeni ya lami, anafunga fundo mara mbili, anainuka. Sekunde 40 zimekwenda.

Kwa pengo la mita unakwenda hatua kwa hatua. Musa anafika kilomita 2.4 dakika 10 tangu aanze yeye, sawa na sekunde 420 tangu aanze Baraka. Pengo lilikuwa 720, limepungua 420, zimebaki mita 300. Wakati Musa amepiga goti, pengo linapungua mita 5 kila sekunde, si 1, kwa sababu aliye mbele hasogei. Sekunde 40 zinakula mita 200. Zimebaki 100, zinazibwa kwa sekunde 100. Jumla Baraka amekimbia sekunde 560, wanakutana mita 2,800.

Kwa pengo la sekunde: Musa alikuwa ametangulia sekunde 180, amepoteza 40, zimebaki 140. Gawanya kwa 50. Kilomita 2.8. Mstari mmoja.

Mara ya kwanza nilipoziweka hesabu hizi mbili ubaoni pembeni kwa pembeni, darasa lilinyamaza. Sababu ni rahisi: kusimama ni kupoteza muda, na njia ya pili inahesabu muda. Lakini ina mpaka wake, na mpaka huo lazima uukague. Musa akisimama sekunde 90 badala ya 40, hesabu inakuwa 90 gawanya kwa 50, kilomita 1.8. Hilo haliwezekani, maana kilomita 1.8 Musa aliipita mapema akiwa anakimbia vizuri na kamba zake zimefungwa. Jibu likiangukia nyuma ya mahali aliposimama, maana yake alifikiwa palepale akiwa amepiga goti, kilomita 2.4. Akisimama sekunde 60 kamili, Baraka anafika wakati Musa anainuka.

Badilisha hali. Musa hasimami, lakini Baraka baada ya dakika 5 anachoka, anashuka hadi mita 4.5 kwa sekunde. Badiliko hili limetokea kwenye saa, si kwenye alama ya kilomita, na sasa pengo la mita ndilo linalokwenda vizuri. Dakika 5 za kwanza zimeziba mita 300, zimebaki 420. Kasi mpya ya kuziba ni nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 840 zaidi. Jumla ni sekunde 1,140, dakika 19 badala ya 12, na mahali ni mita 5,280. Baraka amepunguza sehemu moja tu ya kumi ya kasi yake, na muda aliokuwa amebakiza umepanda kutoka dakika 7 hadi 14. Hili huwashangaza hata wakimbiaji wenyewe. Anayefukuza akipunguza kidogo, kasi yake inashuka kidogo, lakini tofauti ya kasi imekatika nusu. Kwa pengo la sekunde swali hili linawezekana, ila kilomita moja kwa mita 4.5 ni sekunde 222 na kipande, na kuanzia hapo unabeba desimali hadi mwisho.

Mlinganyo unaweza yote mawili, lakini unahitaji kuandikwa upya kwa kila kipande cha safari. Ukiandika mmoja kwa safari yote huku kasi zimebadilika, utapata jibu safi la swali ambalo hukuulizwa.

Swali likigeuzwa

Tuseme tunataka Baraka amfikie Musa kilomita 3 hasa. Akimbie vipi? Kwa sekunde: 180 zinyang’anywe katika kilomita 3, yaani 60 kila kilomita. Musa ana 250, basi Baraka awe na 190, dakika 3 na sekunde 10 kwa kilomita. Kocha anaweza kumwambia hivyo mkimbiaji wake kwa mdomo, na mkimbiaji akaelewa. Kwa mita unazunguka zaidi: Musa atafika kilomita 3 kwa sekunde 750, Baraka ana 570 tu, 3,000 gawanya kwa 570 ni kama mita 5.26 kwa sekunde.

Lakini kuna maswali yanayozishinda njia zote mbili. “Baraka ana kasi inayozidi ya Musa kwa mita 1 kwa sekunde. Alianza dakika 3 baadaye, akamfikia mita 3,600. Tafuta kasi ya Musa.” Hapa hujui pengo la mita, kwa sababu hujui kasi ya Musa. Hujui muda wa kilomita wa yeyote. Tofauti umepewa kwa kasi, kutangulia umepewa kwa muda, na hakuna mahali pa kushika. Mlinganyo unashika. Ukiiita kasi ya Musa v:

3600/v − 3600/(v + 1) = 180

Gawanya kote kwa 180, zidisha kwa v(v + 1), unapata v² + v − 20 = 0, yaani (v − 4)(v + 5) = 0. Kasi ya Musa ni 4. Ile −5 unaiacha, kwa sababu Musa harudi kinyumenyume. Kwa swali la namna hii sijui njia ya mkato ninayoweza kuiamini, na simshauri mtu aitafute ndani ya chumba cha mtihani.

Jambo moja ambalo njia zote tatu haziulizi

Hakuna njia hapa inayojua mbio zinaishia wapi. Kama mbio ni za kilomita 3, Baraka wa kwanza, mwenye mita 5 kwa sekunde, hamfikii Musa: amemnyang’anya sekunde 150 kati ya 180, anavuka mstari sekunde 30 baada yake. Kilomita 3.6 ipo kwenye karatasi tu.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mwaka 1974, Filbert Bayi aliongoza fainali ya mita 1,500 tangu mwanzo. John Walker wa New Zealand alimsogelea kwenye mita za mwisho. Bayi alimaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia, na Walker kwa 3:32.5. Kwa mwendo ule, sekunde 0.3 ni kama mita 2. Ukiona mtu anafukuza na pengo linapungua, swali la kwanza ni kama mahali pa kukutana pako kabla ya mstari.

Ushike ipi

Kama umepewa kutangulia kwa mita, au mnazunguka uwanja na unataka kujua nani atampita mwenzake kwa mzunguko mzima, shika pengo la mita. Kwenye uwanja wa mita 400 Baraka na Musa wakianza pamoja, pengo la kuziba ni mita 400, na kwa mita 1 kila sekunde atamzunguka baada ya sekunde 400, Musa akiwa mzunguko wa nne na Baraka wa tano. Shika hii pia kama mwendo unabadilika kwa saa.

Kama uko kwenye mtihani wa darasa la saba na swali ni la kawaida, pengo la mita linatosha, mradi umegeuza dakika kuwa sekunde au kasi kuwa mita kwa dakika kabla ya kuzidisha chochote. Sekondari, kama swali linasema “unda mlinganyo”, unda mlinganyo, kisha tumia pengo la mita pembeni kuhakiki. Na swali likificha kasi zote mbili usipoteze muda, anza na v.

Na kama umesimama barabarani na saa mkononi, pengo la sekunde halihitaji hata ujue kasi ya mtu. Kwenye alama ya kilomita 1, hesabu kutoka Musa anapopita hadi Baraka anapopita: sekunde 130. Panda baiskeli, wawahi kwenye kilomita 2, hesabu tena: 80. Limepungua 50 kwa kilomita moja, zimebaki 80. Kilomita 1.6 zaidi. Unaweza kwenda kusimama pale kilomita 3.6 ukawasubiri.